Kanuni tatu za EAC, majibu matatu: ipi uipeleke?

*"Ninasimamia mradi wa kulaza kilomita 24 za bomba la maji kwa miezi 12, bajeti milioni 480. Mwisho wa mwezi wa 6 tumelaza kilomita 10 badala ya 12, na tumetumia milioni 250. Kilomita 3 kati ya hizo zilipita kwenye mwamba. Kanuni tatu za EAC, yaani makadirio ya gharama yote hadi mradi umalizike, zimenipa milioni 530, 600 na 670. Mkurugenzi anataka 530. Mwenzangu anasema 600, kwa sababu TCPI yake, yaani ufanisi unaohitajika kwa kazi iliyobaki, ni 0.80, sawasawa na CPI yetu, yaani ufanisi wa gharama hadi leo, hivyo imejithibitisha yenyewe. Nipeleke ipi?"*

Ndugu msomaji, hesabu zako ziko sawa, na nafurahi kwamba umetaja ule mwamba, kwa kuwa jibu limelala humo. Nianze na hoja ya mwenzako, maana nimeikuta katika miradi mingi na huwapa watu utulivu usio na msingi. Anaposema kwamba TCPI ya 0.80 inathibitisha EAC ya milioni 600, anajiona kama mtu aliyepima kitu kwa mizani mbili tofauti na kupata uzito uleule. Ukweli ni kwamba amepima kwa mizani ileile mara mbili. Milioni 600 zilipatikana kwa kugawanya bajeti kwa CPI, yaani kwa kudhani kwamba kazi yote iliyobaki itakwenda kwa ufanisi wa 0.80. Ukiigeuza hesabu hiyo na kuuliza ni ufanisi gani unaohitajika ili kumaliza kwa milioni 600, haiwezi kukupa jibu jingine isipokuwa 0.80. Hata data yako ingekuwa ya uongo mtupu, namba hizo mbili zingelingana vilevile.

Jambo hilohilo ni kweli kwa kanuni nyingine mbili, na ukilielewa hapo, uchaguzi wa kanuni unaacha kuwa bahati nasibu. Zitazame zikiwa pamoja, ambapo BAC ni bajeti nzima, 480; AC ni gharama halisi, 250; EV ni thamani iliyopatikana, yaani kazi iliyofanyika kwa bei ya mpango, 200; CPI ni EV gawanya kwa AC; na SPI ni kazi iliyofanyika gawanya kwa iliyopangwa, 200 kwa 240:

```
EAC = AC + (BAC - EV)                = 250 + 280           = 530
EAC = BAC / CPI                      = 480 / 0.80          = 600
EAC = AC + (BAC - EV) / (CPI * SPI)  = 250 + 280 / 0.6667  = 670
```

Katika zote tatu, milioni 250 zimekwisha kutumika na hazibishaniwi. Kazi iliyobaki nayo ni ileile, ya thamani ya milioni 280, yaani kilomita 14 kwa bei ya mpango ya milioni 20 kila kilomita. Kinachotofautiana ni kigawanyo cha hiyo 280. Kanuni ya kwanza inaigawanya kwa 1, ya pili kwa 0.80, ya tatu kwa 0.80 mara 0.8333. Kila kanuni, kwa hiyo, ni kauli juu ya ufanisi wa siku zijazo iliyovikwa alama za hesabu. Ukiikokotoa TCPI kwa kuielekeza kwenye EAC fulani, unakivua kigawanyo hicho na kukiona waziwazi. Matumizi yake ya kweli ni hayo: inakuonyesha EAC imedai nini, kisha wewe ndiye unayeuliza kama dai hilo linaaminika. Jibu la swali hilo halimo ndani ya kanuni, bali mtaroni.

Ndiyo maana nakushauri uzitafsiri namba hizi ziwe bei ya kilomita moja kabla ya kuingia kwenye kikao. Milioni 530 zinaacha 280 kwa kilomita 14, yaani milioni 20 kwa kila moja. Milioni 600 zinaacha 350, yaani 25 kwa kila moja. Milioni 670 zinaacha 420, yaani 30 kwa kila moja. Mkurugenzi asiyejali tofauti kati ya 1.00 na 0.80 ataielewa mara moja tofauti kati ya kilomita ya milioni 20 na kilomita ya milioni 25.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe. Hukunitumia mgawanyo wa gharama kati ya mwamba na udongo laini, nami nitaweka namba za mfano ili uone njia; wewe uziondoe na kuweka zako kutoka kwenye shajara za kazi za kila siku, risiti za mafuta na ankara za mitambo ya kukodi. Tuseme kilomita 3 za mwamba zilikula milioni 96, na kilomita 7 za udongo laini zilikula milioni 154. Jumla ni 250 zako. Kilomita ya mwamba basi imekugharimu milioni 32, na ya udongo laini milioni 22.

Hapo kanuni ya mkurugenzi inakutana na ugumu wake. Kanuni ya kwanza ilitungwa kwa ajili ya hali moja: jambo lisilo la kawaida limetokea, limekwisha, na kazi iliyobaki itakwenda kama ilivyopangwa. Mkurugenzi ana haki kwa nusu ya hoja, kwa kuwa mwamba hauko kila mahali. Lakini mahali pasipokuwa na mwamba, bei yenu imekuwa milioni 22, si 20. Kwa hiyo mwulize kwa heshima, na shajara mkononi: ni kilomita ipi kati ya zile 7 iliyogharimu milioni 20? Kama kilomita mbili za mwisho zilifika bei hiyo kwa sababu inayojulikana, tuseme mlibadilisha mtambo uliokuwa ukiharibika kila wiki, basi dhana yake ina mguu wa kusimamia. Kama hakuna hata moja, milioni 530 ni matumaini, na si vema matumaini kupelekwa kwa mfadhili kwa jina la makadirio.

Milioni 600 za mwenzako zina kasoro ya upande wa pili. Bei ya 25 kwa kilomita ni wastani wa mchanganyiko wenye asilimia 30 ya mwamba. Itakuwa sahihi endapo kilomita 14 zilizobaki zina mwamba kwa kiwango hichohicho, yaani kilomita 4 na kidogo. Je, zina? CPI haiwezi kukuambia, kwa sababu CPI inatazama nyuma na haijui kilichoko chini ya ardhi mbele yako. Anayeweza kukuambia ni yule atakayechimba mashimo ya majaribio kwenye njia ya bomba.

Hata hivyo nisiidharau kanuni hii. Pale usipojua lolote la kipekee juu ya kazi iliyobaki, ndiyo ya kuanzia. Utafiti wa miaka ya 1990 juu ya mikataba mikubwa ya ulinzi ya Marekani ulikuta kwamba mradi ukishafika asilimia 20 ya kazi, CPI ya jumla kwa kawaida haibadiliki kwa zaidi ya asilimia 10, na ikibadilika, aghalabu hushuka. Miradi midogo haijaonyesha uthabiti huo kila mara, kwa hiyo usiichukue kama sheria ya maumbile. Ichukue kama mzigo wa ushahidi. Wewe umefika karibu asilimia 42. Milioni 530 zinamaanisha CPI ya mwisho ya 0.91, kutoka 0.80 ya leo. Anayedai kupanda huko ndiye anayepaswa kuleta sababu. Wewe hudaiwi sababu ya kukataa.

Kanuni ya tatu ndiyo inayopendwa na watu wanaotaka kuonekana waangalifu, na ndiyo inayohitaji kuchunguzwa zaidi. Inazidisha udhaifu wa gharama kwa udhaifu wa ratiba, kana kwamba kuchelewa ni gharama ya pili inayokuja juu ya ile ya kwanza. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi si kweli. Fikiria: kodi ya mtambo, mishahara ya walinzi, ofisi ya eneo la kazi na msimamizi vimelipwa kwa miezi 6 yote, na vyote vimo ndani ya zile milioni 250. Mlipokwenda polepole, gharama hizo za kila mwezi ziligawanywa kwa kilomita 10 badala ya 12, na hivyo zikaipandisha bei ya kila kilomita. Uzembe wa mwendo umekwisha kuhesabiwa ndani ya CPI. Mkiendelea kwa mwendo huohuo, mtamaliza takribani miezi 8.4 kutoka sasa badala ya 6, na bei ya kilomita imekwisha kuubeba ucheleweshaji huo. Kuzidisha tena kwa SPI ni kuutoza mradi mara mbili kwa kosa moja.

Ishara ya kutozwa mara mbili utaiona ukirudi kwenye bei ya kilomita. Milioni 30 kwa kila moja ya kilomita 14 inakaribia bei ya mwamba, ambayo ni 32, na hapo unadai karibu njia yote iliyobaki ni mwamba. Bila ushahidi wa hilo, namba hiyo si ya mwangalifu, ni kubwa tu.

Kanuni hii inapata maana pale tarehe ya mwisho isipoweza kusogea. Ili kulaza kilomita 14 kwa miezi 6 mtahitaji kilomita 2.33 kwa mwezi, na hadi sasa mmekwenda 1.67. Huko ni kuongeza mwendo kwa asilimia 40, na mwendo huo hununuliwa: kikosi cha pili, mtambo wa pili, malipo ya saa za ziada, na vikosi viwili vinavyosubiriana kwenye ghala moja la mabomba. Hapo ndipo SPI inapoingia kwenye gharama. Lakini hata katika hali hiyo, naona afadhali uandike bei ya kikosi cha pili waziwazi kuliko kuiachia SPI iikisie. Tena kumbuka kwamba SPI ina tabia ya kupona yenyewe mwishoni: kazi yote ikikamilika, thamani iliyopatikana inalingana na bajeti nzima, na SPI inasoma 1.00 hata kama mmechelewa miezi miwili. Katika theluthi ya mwisho ya mradi, kanuni ya tatu huwa imepoteza nusu ya maana yake bila kumwambia mtu.

Kwa mradi wako, basi, ningeacha zote tatu na kukadiria upya kazi iliyobaki kutoka chini kwenda juu, kwa sababu una jambo ambalo kanuni hazina: unajua kwamba ardhi ni ya aina mbili na kila aina ina bei yake iliyothibitishwa. Tuseme mashimo ya majaribio yanaonyesha kilomita 2 za mwamba na 12 za udongo laini. Mwamba ni 2 mara 32, yaani milioni 64. Udongo laini ni 12 mara 22, yaani milioni 264. Jumla ya kazi iliyobaki ni milioni 328, na EAC ni milioni 578.

Sasa ndipo TCPI inapokuwa kipimo cha haki, maana 578 haikuzaliwa na CPI:

```
TCPI (kwa EAC) = (480 - 200) / (578 - 250) = 0.85
TCPI (kwa BAC) = (480 - 200) / (480 - 250) = 1.22
```

Namba ya kwanza inasema kwamba ili kutimiza 578 mnahitaji ufanisi wa 0.85, dhidi ya 0.80 mliyonayo. Pengo la 0.05 ni dogo, na lina maelezo: mwamba umepungua kutoka asilimia 30 ya njia hadi asilimia 14. Wasimamizi wengi wa mikataba hutumia kizingiti cha 0.10: TCPI ikiizidi CPI kwa zaidi ya hapo, EAC inatakiwa kutetewa kwa sababu maalumu. Namba ya pili inamaliza mjadala wa bajeti ya awali. TCPI ya 1.22 inataka kila kilomita iliyobaki ilazwe kwa milioni 16.4, bei ambayo hata mpango wenyewe haukuwahi kuiota. Anayesema kwamba milioni 480 bado zinawezekana bila kupunguza kilomita, mwonyeshe 16.4 na umwombe akwambie ni nini kitakachoondolewa mtaroni.

Usiipeleke 578 peke yake. Katika mfano huu, kila kilomita inayogeuka kutoka udongo laini kuwa mwamba inaongeza milioni 10, kwa hiyo andika: milioni 558 kama hakutakuwa na mwamba tena, 578 kwa matokeo ya mashimo ya majaribio, 598 kama mwamba utakuwa mara mbili ya tunavyotarajia. Mkurugenzi atakayeziona namba hizo tatu ataona pia kwamba 530 yake iko nje ya uwanja hata ardhi ikiwa rafiki.

Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, hakikisha jambo moja katika milioni 250. Je, ndani yake kuna mabomba yaliyonunuliwa ambayo bado yamelala ghalani? Kama mmelipia mabomba ya kilomita 15 na kulaza 10, gharama halisi imebeba mabomba ya kilomita 5 ambazo hazina thamani iliyopatikana, CPI inasoma chini kuliko ukweli, na kila EAC niliyoitaja imevimba. Kinyume chake pia hutokea, na kwa maoni yangu ndicho kibaya zaidi: kazi imekwisha kupimwa na kuhesabiwa, lakini ankara ya mkandarasi mdogo bado haijafika kwa mhasibu. Hapo CPI inapendeza kwa mwezi mmoja, kisha inaanguka ghafla. Gharama na thamani lazima zihesabiwe kwa tarehe moja na kwa kazi ileile.

Nikuonye pia kuhusu mwezi unaofuata, kwa sababu TCPI inaweza kukudanganya hata baada ya kuchagua vizuri. Tuseme mwezi wa 7 mnalaza kilomita 2 za udongo laini kwa milioni 46. Thamani iliyopatikana inafika 240, gharama inafika 296, na TCPI kwa 578 ni 240 gawanya kwa 282, sawa na 0.851. Mwezi uliopita ilikuwa 0.854. Imeshuka kidogo, yaani kazi iliyobaki inaonekana kuwa rahisi zaidi, na ripoti itapakwa rangi ya kijani.

Lakini tazama kwa karibu. Kilomita hizo zilitakiwa kugharimu milioni 22 kila moja, zikagharimu 23. Mmefanya vibaya kuliko makadirio, na kipimo kimesema mmefanya vizuri, kwa sababu mmefanya kazi ya bei nafuu kwanza na kuuacha mwamba wote nyuma. Kilichobaki sasa ni kilomita 2 za mwamba na 10 za udongo. Kwa bei ya 23, kinahitaji milioni 64 na 230, jumla 294, wakati EAC imewaachia 282 tu. Makadirio mapya ni milioni 590. Hasara hii huonekana kwa anayefuatilia CPI ya udongo na CPI ya mwamba kila moja kwa safu yake. Kwenye namba ya jumla inajificha hadi katapila ifike mwambani.

Na siku gharama halisi itakapofikia milioni 480, iondoe TCPI ya bajeti ya awali kwenye ripoti. Kigawanyo chake kinakuwa sifuri, kisha hasi, na kompyuta itaendelea kukutolea namba zisizo na maana yoyote.

Yapo mambo mawili ambayo barua haiwezi kuyamaliza. La kwanza ni mashimo ya majaribio: mwite mtaalamu wa miamba atembee njia yote iliyobaki na kuamua umbali wa kuchimba kati ya shimo na shimo, kwa kuwa tofauti kati ya 558 na 598 iko mikononi mwake kuliko mikononi mwa mtu mwingine yeyote. La pili ni mkataba. Kama mwamba ule haukuonyeshwa kwenye michoro mliyopewa, huenda mna haki ya kudai nyongeza ya bei na ya muda, na mikataba mingi huweka siku chache za kutoa taarifa tangu hali ilipogundulika. Mpelekee mkadiriaji majenzi na mwanasheria wa mikataba shajara za siku mlizovunja mwamba, zikiwa na saa za mtambo na majina ya waliokuwapo, na ufanye hivyo wiki hii, kabla ya kikao cha mkurugenzi. Fedha zitakazokubaliwa huko zitaongeza bajeti. Zisipunguze EAC, kwa maana gharama ya kuvunja mwamba inabaki ileile, awe anailipa nani.